Nimetoka, Mbona Bado Nimo?

Simu iliingia saa mbili usiku. Alikuwa mweka hazina wa kikoba nilichokitengenezea daftari la mtandaoni: ukurasa wa hisa, ukurasa wa mikopo na marejesho, na ukurasa wa ratiba ya vikao. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu," akajibu, kisha akaingia moja kwa moja kwenye lililompigisha simu.

Mchana alikuwa steshenari kuchapisha taarifa ya mwezi. Alifungua daftari, akabonyeza "Ingia kwa Google", akaandika barua pepe na nenosiri lake, akachapisha, akabonyeza "Toka", akaenda zake. Jioni mwanachama mwenzake akakaa kwenye kompyuta ileile, akabonyeza kitufe kilekile ili aingie kwa jina lake mwenyewe. Google haikumuuliza nenosiri. Daftari likafunguka, na juu yake limeandikwa jina la mweka hazina.

"Nilibonyeza Toka kwa mkono wangu," akasema. "Nimetoka, mbona bado nimo?"

Jibu la swali lake linapita katika safari nzima ya kuingia kwa kupitia mtu wa tatu. Mtumiaji anaona mlango mmoja. Mtengenezaji anapaswa kujua kuwa ipo mitatu, kila mmoja una kufuli lake na saa yake ya kufungwa. Makosa mengi ninayoyajua katika kazi hii yanatokana na mtu kufunga mmoja na kudhani amefunga yote.

Barua ya mtendaji

Mtu anayetaka huduma mahali asikojulikana mara nyingi huambiwa alete barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Karani hamjui yeye, lakini anaujua muhuri. Anasoma barua: imetoka kwa nani, inamtambulisha nani, imeandikwa kwenda ofisi gani, tarehe gani. Vikikaa sawa, anampokea.

Daftari langu linafanya hivyohivyo. Halitunzi nenosiri la mtu yeyote, kwa hiyo hata likivunjwa hakuna nenosiri la kuibwa. Linamtuma mwanachama kwa Google, Google inamhakikisha kwa njia zake, kisha inarudisha barua yenye muhuri.

Utaratibu unaobeba safari hii unaitwa OAuth 2.0, uliochapishwa mwaka 2012. Wenyewe haukutungwa kwa ajili ya kuingia. Ulitungwa kwa ajili ya ruhusa: mtu aweze kuiruhusu programu fulani iguse kalenda yake bila kuipa nenosiri lake, kama unavyompa fundi ufunguo wa stoo bila kumpa wa chumbani. Ufunguo wa stoo hausemi aliyeushika ni nani. Ndiyo maana mwaka 2014 ikaongezwa juu yake OpenID Connect, inayoleta ile barua ya utambulisho. Anayetumia ufunguo wa kalenda kama uthibitisho wa mtu amechanganya stoo na serikali ya mtaa.

Safari ya kwenda na kurudi

Kabla ya mwanachama yeyote kubonyeza kitufe, niliiandikisha programu yangu Google. Nilipewa `client_id`, ambayo ni jina la programu na si siri, na `client_secret`, ambayo ni siri na hukaa kwenye seva tu. Nami niliiambia Google anwani moja ya kurudishia watu. Anwani hiyo hulinganishwa herufi kwa herufi. Ukiandikisha `/rudi` kisha ukatuma `/rudi/`, mkwaju mmoja wa mwisho unatosha kukuletea ukurasa wa kosa unaosema `redirect_uri_mismatch`. Ukali huo una sababu: kama anwani ingeweza kulegezwa, tapeli angejaribu kuzielekeza barua za watu mlangoni kwake.

Kitufe kikibonyezwa, seva yangu humpeleka mwanachama kwenye anwani kama hii:

```
https://accounts.google.com/o/oauth2/v2/auth
  ?client_id=...
  &redirect_uri=https://daftari.example/rudi
  &response_type=code
  &scope=openid%20email
  &state=...
  &code_challenge=...
  &code_challenge_method=S256
```

Mistari miwili ya kutazamwa kwa makini ni `state` na `code_challenge`. Kila mtu anapobonyeza, seva hubuni maneno mawili marefu ya nasibu na kuyahifadhi. La kwanza ni `state`. Linakwenda Google na kurudi lilivyo, na lisipofanana na lile nililolihifadhi kwa kivinjari kileile, safari inakatishwa. Bila hilo, mtu mbaya angeweza kuianza safari kwa akaunti yake, kisha akamtumia mweka hazina kiungo cha kuimalizia. Mama angejikuta ndani ya daftari kwa jina la mtu mwingine bila kujua, akaandika michango humo.

Neno la pili halisafiri lenyewe. Kinachotumwa ni alama yake iliyokokotolewa kwa SHA-256, na kutoka kwenye alama huwezi kulirudia neno. Kazi yake inaonekana kwenye kurudi.

Google ikisharidhika, inamrudisha mwanachama kwenye `/rudi` ikiwa imebandika `code` kwenye anwani. Hiyo bado si barua, ni kama kikaratasi cha foleni cha kuchukulia barua dirishani. Anwani ya kivinjari ni mahali pa wazi: inabaki kwenye historia, inaweza kuandikwa kwenye kumbukumbu za seva, mtu wa nyuma anaweza kuichungulia. Kwa hiyo kinachopita hapo ni kikaratasi cha kutumika mara moja. Seva yangu inakichukua na kwenda nacho Google yenyewe, bila kivinjari kuhusika:

```
POST https://oauth2.googleapis.com/token
grant_type=authorization_code
code=...
redirect_uri=https://daftari.example/rudi
client_id=...
client_secret=...
code_verifier=...
```

`code_verifier` ndilo lile neno la pili, sasa likiwa wazi. Google inakokotoa alama yake na kuilinganisha na ile iliyotangulia. Aliyeokota kikaratasi njiani hana neno, wala hana siri ya programu, hivyo haambulii kitu.

Hapa palinitokea kosa lililonipotezea siku nzima. Kuki iliyoshika `state` niliiwekea `SameSite=Strict`, nikidhani ukali zaidi ndio usalama zaidi. Kila aliyerudi kutoka Google alikataliwa kwamba safari yake haijulikani, na akijaribu tena, hali ni ileile. Sababu ni kwamba kuki ya namna hiyo haipelekwi mtu anapoletwa na tovuti nyingine, na kurudi kutoka Google ni kuletwa na tovuti nyingine. `SameSite=Lax` ndiyo inayofaa hapo.

Kuisoma barua

Barua yenyewe inaitwa `id_token`. Seva inaikagua kama karani: muhuri ni wa Google kweli, `iss`, yaani mtoaji, ni Google, `aud`, yaani aliyeandikiwa, ni `client_id` yangu, na `exp`, yaani mwisho wa matumizi, haujapita. Kipengele cha `aud` ndicho watu hukiruka. Barua halali ya Google iliyoandikwa kwenda programu nyingine haifai kwangu, sawa na barua ya kwenda benki isivyofaa kufungulia umeme. Ukiipokea, mwenye programu ile nyingine anaweza kuingia kwako kwa jina la mtu yeyote aliyewahi kuingia kwake.

Kisha linakuja swali la mwanachama ni yupi. Barua ina barua pepe, na ina namba iitwayo `sub`. Barua pepe inaweza kubadilika. Ya kazini inaweza hata kupewa mfanyakazi mwingine baada ya wa kwanza kuondoka. `sub` haibadiliki wala haipewi mtu mwingine. Kwetu, katibu humwalika mwanachama kwa barua pepe, na siku anapoingia mara ya kwanza, ikiwa Google imesema `email_verified` ni kweli, jina lake hufungwa kwenye `sub`. Kuanzia hapo barua pepe ni ya kumwandikia tu.

Barua ikishasomwa, kazi yake imekwisha. Daftari linafungua kikao chake lenyewe: mstari mmoja kwenye hifadhidata, na kuki moja kwenye kivinjari yenye namba ya mstari huo, ikiwa na `HttpOnly` na `Secure` ili maandishi ya ukurasani yasiisome na isisafiri bila kufichwa. Kikao hiki ni changu. Nikitaka kidumu dakika thelathini au wiki mbili, ni uamuzi wangu, na Google haina neno ndani yake.

Ndiyo maana anayetaka watu waingie tu, basi, hahitaji tokeni yoyote ya kuhuisha. Nimeona programu zinazohuisha tokeni za Google kila saa ili mtu abaki ndani, ilhali hakuna kitu cha Google zinachokigusa. Hiyo ni sawa na kurudi kwa mtendaji kila saa kuomba barua mpya wakati karani alishakupokea asubuhi.

Saa moja, kisha nini?

Mweka hazina, hata hivyo, aliomba kitu cha ziada: kikao kikipangwa kwenye daftari, kionekane kwenye kalenda ya simu yake, hata kama katibu amekipanga usiku yeye amelala. Hapo tumetoka kwenye utambulisho, tumerudi kwenye ruhusa. Sikuliunganisha ombi hili na kuingia. Mwanachama wa kawaida haombwi kalenda kamwe. Anayetaka hubonyeza "Unganisha kalenda", ndipo Google inamuuliza.

Akikubali, seva inapata vitu viwili. `access_token` ndio ufunguo wa stoo, nao kwa Google hudumu sekunde 3,600, yaani saa moja. Ufupi huo ni wa makusudi: ukivuja, unakufa mapema. `refresh_token` ndiyo tokeni ya kuhuisha: haifungui kalenda, bali inakwenda Google na kuleta ufunguo mpya wakati mwenye kalenda hayupo. Kwa sababu inadumu muda mrefu, hukaa kwenye hifadhidata ya seva ikiwa imefichwa kwa usimbaji. Haiwekwi kwenye kivinjari, ambako maandishi yoyote mabaya yaliyopenya ukurasani yangeikomba.

Google haitoi tokeni ya kuhuisha kwa aliyenyamaza. Lazima ombi liwe na `access_type=offline`. Tena hutolewa mtu anapokubali mara ya kwanza. Akirudi tena akiwa ameshakubali, unapata ufunguo wa saa moja peke yake. Mtengenezaji aliyefuta hifadhidata yake ya majaribio hushangaa tokeni zimeenda wapi. Kuongeza `prompt=consent` humfanya mtu aulizwe upya, na tokeni hutoka upya.

Kuhuisha kwenyewe ni ombi fupi:

```
POST https://oauth2.googleapis.com/token
grant_type=refresh_token
refresh_token=...
client_id=...
client_secret=...
```

Kazi ngumu ni kulielewa jibu baya. Mtandao ukikatika au Google ikirudisha kosa la upande wake, subiri kidogo ujaribu tena. Lakini likija neno `invalid_grant`, ujue tokeni imekufa, na kujaribu mara mia hakuifufui. Daftari letu hapo huifuta, na kumwandikia mwenyewe kwa Kiswahili kwamba kalenda imekatika, aiunganishe upya.

Mara ya kwanza nilipokutana na neno hilo, lilikuja na ratiba yake. Mweka hazina aliunganisha kalenda Jumapili, wiki nzima ikaenda vizuri, Jumapili iliyofuata ikakatika. Akaunganisha tena, ikakatika tena baada ya wiki. Kosa linalorudi kwa kalenda namna hiyo si la mtandao. Programu yangu ilikuwa bado imeandikishwa Google katika hali ya majaribio, na katika hali hiyo tokeni ya kuhuisha yenye ruhusa kama ya kalenda huishi siku 7 tu. Kuitoa kwenye majaribio kulitibu tatizo, ingawa ruhusa ya kalenda huhesabiwa kuwa nyeti, na Google hutaka kuihakiki programu kwanza. Zipo sababu nyingine za kifo: mtu kuondoa ruhusa mwenyewe kwenye akaunti yake, au tokeni kukaa miezi 6 bila kutumika.

Baadhi ya watoa utambulisho wengine wana desturi ya kuizungusha tokeni: kila ukihuisha, unapewa mpya na ya zamani inakufa. Ya zamani ikionekana tena, wanadhani imeibwa na wanaikata familia nzima. Sasa fikiria kazi mbili za seva yako zinagundua kwa pamoja kwamba ufunguo umeisha, na zote mbili zinahuisha kwa tokeni ileile. Ya pili inaonekana mwizi, na mtumiaji anatupwa nje bila kosa. Dawa ni kuweka foleni: anayehuisha anaushika mstari wa mtu huyo kwenye hifadhidata, wa pili anasubiri, kisha anausoma ufunguo mpya badala ya kuomba wake.

Milango mitatu ya kutokea

Sasa turudi steshenari. Mama alipobonyeza "Ingia kwa Google", nenosiri lake aliliandika kwenye ukurasa wa Google. Google ikafungua kikao chake yenyewe kwenye kivinjari kile, kwa kuki yake, ndipo ikamrudisha kwangu na mimi nikafungua changu. Alikusudia mlango mmoja, ikafunguka miwili. Kitufe changu cha "Toka" kilifunga wa daftari kama kilivyopaswa. Wa Google ukabaki wazi. Mwenzake alipobonyeza "Ingia kwa Google", kivinjari kilikwenda Google, Google ikamwona mweka hazina bado yuko ndani, ikaandika barua nyingine yenye jina lake.

Kibaya zaidi, na hili ndilo lililomkalisha mama kimya kwenye simu, ni kwamba mtu yeyote kwenye kompyuta ile angeweza kufungua barua pepe yake pia. Daftari lilikuwa dogo ukilinganisha.

Mlango wa kwanza, basi, ni kikao cha programu. Ukifunge kwenye seva kwa kuufuta ule mstari wa hifadhidata, usiishie kuifuta kuki kwenye kivinjari. Kuki iliyonakiliwa kabla bado inafanya kazi kama mstari upo. Ukiwa na mistari hiyo, unaweza pia kuweka "Toka kwenye vifaa vyote" kwa aliyeibiwa simu: unafuta yote yenye `sub` yake. Anayeweka kikao chote ndani ya tokeni iliyotiwa saini, bila kumbukumbu kwenye seva, hana cha kufuta, anasubiri tu muda wake uishe. Tena kitufe cha kutoka kitume `POST`. Kikiwa kiungo cha kawaida, hata picha iliyopachikwa kwenye ukurasa wa mtu mwingine inaweza kumtoa mtumiaji.

Mlango wa pili ni ruhusa ya kalenda. Huu hufungwa kwa kuipeleka tokeni kwenye `https://oauth2.googleapis.com/revoke`. Niliwahi kuuweka ndani ya "Toka", nikiona ni usafi. Matokeo yake, kila mama alipotoka, kalenda ilikatika, kwa sababu kuibatilisha tokeni ni kuifuta ruhusa yenyewe. Kutoka kwenye daftari jioni si kuikataa kalenda. Sasa ubatilishaji uko kwenye kitufe chake, "Tenganisha kalenda", na pale mwanachama anapojiondoa kabisa.

Mlango wa tatu ni kikao cha mtoa utambulisho. Wapo wanaokupa njia rasmi ya kuufunga: Keycloak na Microsoft, kwa mfano, wana anwani ya kumalizia kikao inayojulikana kama `end_session_endpoint`, unamtuma mtu huko pamoja na `id_token_hint`, wanamtoa, wanamrudisha kwako. Google haitangazi anwani hiyo kwa programu za nje, na si ajabu: mtu mwenye simu yake hataki programu ya kikoba imtoe kwenye barua pepe na picha zake zote.

Nilichokifanya ni vitu viwili. Kwanza, kwenye ombi la kuingia niliongeza `prompt=select_account`, ili Google isimpitishe mtu kimyakimya bali imwonyeshe akaunti zilizopo achague. Hilo linaondoa kuingia kwa bahati mbaya kwa jina la mwingine. Halimzuii mwenye nia mbaya, kwa kuwa akaunti iliyo wazi ikibonyezwa bado inafunguka. Pili, baada ya "Toka" sasa mtu harudishwi kwenye ukurasa wa kwanza. Anaona maandishi makubwa: "Umetoka kwenye daftari. Google bado iko wazi kwenye kompyuta hii. Kama si yako, toka na huko." Chini yake kuna kitufe kinachompeleka kwenye ukurasa wa Google wa kutokea.

Usiku ule, kabla ya marekebisho yoyote, nilimwelekeza mama kwa simu. Akafungua akaunti yake ya Google, sehemu ya usalama, penye orodha ya vifaa. Akaisoma kwa sauti: simu yake, kisha kompyuta asiyoijua, iliyoonekana mara ya mwisho saa moja na robo. Akaibonyeza, akachagua kuitoa, kisha akabadilisha nenosiri.

Mwezi uliofuata alikwenda steshenari ileile. Akanipigia akiwa bado kwenye kiti. "Mwanangu, imeniambia Google bado iko wazi. Nimebonyeza, imefunga. Nimejaribu kurudi, inataka nenosiri." Akanyamaza kidogo. "Sasa ndiyo nimetoka?"

Nikamwambia ndiyo mama, sasa umetoka.